Geuza Kopo Kabla Hujalipa: Hotuba kwa Wanakikundi, Mbagala

(Nimeiandika kama nilivyoongea siku ya kikao, nimepunguza tu zile sehemu tulizokuwa tunacheka na ile dakika umeme ulipokatika.)

Shikamooni wazee, habari zenu mama zangu na kaka zangu, mwenyekiti asante kwa nafasi. Mmenipa kazi moja, kikundi kinataka kununua nyama za kopo kwa katoni tugawane kwa bei ya jumla, na wamegawanyika wawili, kuna wanaotaka konbifu ya ng'ombe, lile kopo lenye ubavu mpana chini na kifunguo chake pembeni, na kuna wanaotaka lancheni ya kuku kwasababu ni nusu bei na watoto wanaipenda ukiikaanga na mayai asubuhi. Mimi nimefanya kazi miaka mingi pale Kurasini kupeleka vyakula melini, makopo ya nyama nimeyapokea na kuyahesabu mpaka nayaota, na kwenye kazi ile ukileta kopo ambalo ni maji matupu mpishi wa meli anakurudishia katoni zako palepale geti la bandari. Kwahiyo leo sitawaambia kula au usile, ntawaonyesha tu jinsi ya kusoma mgongo wa kopo afu nyie mpige kura.

Nimekuja na makopo mawili haya hapa, yote yana gramu 340. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa gundi ya karatasi, sitaki ugomvi na mtu na pia sitaki mpige kura kwa picha ya mbele. Kopo la kwanza ni konbifu, la pili ni lancheni ya kuku. Yapitisheni muone, ila mama Rehema usilifungue hilo bado!

Wakubwa hapa mnakumbuka Tanganyika Packers pale Kawe, nyama yetu wenyewe ilikuwa inafungwa kwenye makopo kulekule, kiwanda kikafa na saivi kijana ukimwambia Tanganyika Packers anajua ni uwanja wa mikutano ya injili. Kopo unaloliona dukani leo mara nyingi limetoka mbali, Brazil huko, Ulaya, Uchina, Uarabuni, na kila nchi ina namna yake ya kuandika lile jedwali la virutubisho. Hapo ndo watu wanapopigwa, na wala sio kwamba kampuni imeandika uongo, namba ni za kweli kabisa, sema kila kopo linahesabu kwa kipimo chake.

Tuanze na hilo. Kopo la konbifu jedwali lake limeandikwa kwa gramu 100. Nasoma: nishati kalori 215, mafuta gramu 13, ndani ya hayo mafuta yale yanayoganda gramu 6, wanga nusu gramu, protini gramu 24, chumvi gramu 2.2. Sasa kopo la lancheni, nasoma: nishati kalori 120, mafuta gramu 9, yanayoganda gramu 2.5, sodiamu miligramu 560, wanga gramu 4, protini gramu 6. Haraka haraka nani kashinda kwenye mafuta? Nasikia lancheni, lancheni. Tisa ni ndogo kuliko kumi na tatu, sawa. Lakini angalieni juu kabisa ya jedwali la lancheni, pameandikwa kipimo cha mlo mmoja ni gramu 56 na kopo lina milo kama sita. Yani namba zote zile ni za vipande viwili vyembamba tu, sio za gramu 100. Unalinganisha nusu ya kitu na kitu kizima.

Dawa yake ni ndogo. Gramu 56 ukitaka kuifikisha 100 unazidisha kwa 1.8, simu zenu zote zina kikokotoo. Mafuta tisa mara 1.8 ni kumi na sita. Yanayoganda 2.5 inakuwa 4.5. Wanga nne inakuwa saba. Protini sita inakuwa kama kumi na moja. Sodiamu 560 inakuwa elfu moja na kidogo. Mmeona lancheni ilivyobadilika? Mafuta yake sasa ni kumi na sita dhidi ya kumi na tatu za konbifu. Na kama mlo umeandikwa gramu nyingine, tuseme 85 au 50, njia ni hiyohiyo, unagawa kwa gramu zilizoandikwa afu unazidisha kwa mia. Kabla hujafanya hivyo usiseme chochote kuhusu makopo mawili.

Niwe mkweli kwa upande wa konbifu pia, maana naona kundi la konbifu mmeanza kutabasamu. Yale mafuta yanayoganda, ambayo ndo daktari anayasemea kwenye mambo ya moyo, konbifu ina sita na lancheni ya kuku ina nne na nusu. Ng'ombe ni ng'ombe. Waingereza wana utaratibu wa rangi kama taa za barabarani mbele ya chakula, mafuta yakizidi gramu 17.5 kwa gramu 100 ni nyekundu, yanayoganda yakizidi 5 ni nyekundu, chumvi ikizidi gramu 1.5 ni nyekundu. Kwa vipimo hivyo makopo yetu yote mawili mafuta kwa jumla ni njano, konbifu inapata nyekundu kwenye yanayoganda, na kwenye chumvi yote mawili nyekundu bila ubishi. Na hii lancheni ni ya kuku, ukikutana na ya nguruwe, kwa wanaoitumia, ile ya kawaida inafika gramu 16 za mafuta kwa kile kipande cha gramu 56, maana yake zaidi ya 28 kwa gramu 100, robo ya kopo na zaidi ni mafuta.

Chumvi sasa. Hapa kuna mtego wa pili na nimeuona ukiwapata hata wenye digrii. Konbifu imeandika chumvi gramu 2.2, lancheni imeandika sodiamu miligramu. Hizo ni namba mbili za familia tofauti, huwezi kuziweka kwenye mizani moja. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi, sodiamu ni kama asilimia arobaini yake tu, kwahiyo ukitaka kutoka sodiamu kwenda chumvi unazidisha kwa 2.5. Sodiamu miligramu 1000 ni sawa na chumvi gramu 2.5. Kutoka chumvi kwenda sodiamu unagawa, 2.2 gawa kwa 2.5 ni gramu 0.88, yani miligramu 880. Haya sasa ziko ndugu, konbifu 880, lancheni 1000. Mtu akikuambia kopo lake lina chumvi mbili tu na la mwenzie lina mia tano sitini, mwambie alete kikokotoo.

Kaka pale nyuma anauliza hizo sodiamu zote ni chumvi ya kawaida? Hapana, swali zuri. Nyingi ni chumvi lakini sio yote. Kuna sodiamu naitraiti, ile E250, ndo inaifanya nyama ibaki na rangi ya waridi na inazuia yule bakteria wa sumu ya makopo, yenyewe ni kidogo sana. Kuna fosfeti, E450, E451, E452, ambazo ntarudi kwazo maana kazi yake inahusu maji. Kuna E621, ile ya kuongeza ladha iliyomo kwenye vile vidonge vya mchuzi. Zote hizi mara nyingi zinakuja zimebeba sodiamu. Ndo maana ukilamba kipande cha lancheni unaweza usikione kina chumvi sana, afu jedwali linasema vingine. Kwenye hili usiamini ulimi, amini jedwali.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi miligramu 2000 za sodiamu kwa siku, ambayo ni chumvi gramu 5, haijai hata kijiko kimoja cha chai. Kopo zima la lancheni hii lina kama 3400. La konbifu lina kama 3000. Familia ya watu watano wakigawana kopo la lancheni kila mmoja kapata 680, theluthi ya siku nzima, na bado hujahesabu mkate, bado kachumbari imetiwa chumvi, bado wali wa nazi wenye chumvi. Na kuna vijana wawili wa gheto, hao nawajua, kopo moja na mikate miwili na soda, kila mmoja 1700 kwenye chai ya asubuhi tu.

Mama Asha ananiuliza zile zilizoandikwa sodiamu imepunguzwa. Zipo, na sio uongo. Kwa sheria ya Marekani neno kama hilo linataka ipungue angalau robo ukilinganisha na ile ya kawaida. Lakini robo ya nini? Lancheni ya nguruwe ya kawaida ina kama 790 kwa kipande cha gramu 56, ile iliyopunguzwa ina 580. Zidisha 1.8, bado uko juu ya elfu moja kwa gramu 100, yani iliyopunguzwa ya kampuni moja ina sodiamu nyingi kuliko ya kawaida ya hii ya kuku niliyoishika. Imepunguzwa kutoka pake yenyewe, haijapunguzwa kutoka pako. Soma namba, achana na maandishi makubwa ya mbele.

Sasa tufike kwenye kile mlichoniitia haswa, vijazio. Kila mtu hapa anasema lancheni ni unga, lancheni ni maji, lakini nani anajua ni kiasi gani? Kuna namna ya kukisia na hauhitaji maabara.

Kwanza orodha ya viungo. Inaandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi wakati wa kutengeneza kinatangulia. Konbifu hii inasema: nyama ya ng'ombe iliyopikwa, nyama ya ng'ombe, chumvi, sukari, E250. Basi, mstari mmoja umeisha. Lancheni inasema: nyama ya kuku iliyotenganishwa kwa mashine, maji, mafuta ya kuku, stachi ya mahindi, protini ya soya, chumvi, viungo, E451, E621, E407, E316, rangi, E250. Ile ya kutenganishwa kwa mashine ni kwamba mnofu ukishatolewa, mifupa iliyobaki na nyama yake kidogo inasukumwa kwenye chujio kwa nguvu, kinatoka kitu laini kama uji mzito. Ni kuku, ni halali kuuzwa, ila msiwe na picha ya paja la kuku vichwani.

Angalieni maji yako wapi, namba mbili. Afu stachi na soya zimeandikwa mbalimbali, kila moja peke yake, kwahiyo kila moja inashuka chini kwenye orodha, lakini zote kazi yake ni moja, kunyonya maji na kuyafunga. E451 ni ile fosfeti, inaifanya protini ya nyama ishike maji mengi kuliko inavyoshika yenyewe. Na E407 hiyo, wale wenye ndugu Unguja mtafurahi, inatokana na mwani, uleule ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima kwenye maji ya kupwa, unaenda nje unasafishwa unakuwa unga unaogandisha maji. Haina ubaya, lakini ukiiona kwenye kopo la nyama jiulize inagandisha nini.

Sasa hesabu yenyewe. Nyama mbichi isiyo na mafuta, kila gramu moja ya protini inakuja na maji kama gramu tatu na nusu. Hiyo ni asili ya mnofu, ng'ombe au kuku tofauti ni ndogo. Kwahiyo ukijua protini ya kopo unajua maji ambayo nyama ingekuja nayo yenyewe, na ukijua maji yote yaliyomo unatoa, kinachobaki kimeongezwa. Maji hayaandikwi kwenye jedwali lakini yanapatikana kwa kutoa kila kingine kwenye mia.

Lancheni. Mafuta 16, protini 11, wanga 7, chumvi 2.5, jumla kama 36 na nusu. Mia toa hiyo inabaki kama 63, hayo ni maji. Protini 11 mara 3.5 ni kama 38. Sitini na tatu toa thelathini na nane ni ishirini na tano. Kwahiyo kwenye kila gramu 100 kuna maji kama gramu 25 ambayo kuku hakuja nayo. Kopo lina 340, zidisha 3.4, ni gramu 85 za maji. Ongeza wanga gramu 7 kwa kila mia, kwa kopo ni 24. Jumla kama gramu 109. Karibu theluthi ya kopo ni maji na stachi, na mmelipia kwa bei ya nyama.

Konbifu tufanye vilevile tusionekane tunapendelea. Mafuta 13, protini 24, wanga nusu, chumvi 2.2, jumla kama 40. Maji 60. Protini 24 mara 3.5 ni 84. Maji yaliyomo ni machache kuliko ya asili! Sababu ni kwamba nyama inapikwa kwanza kabla haijawekwa kwenye kopo, maji na supu vinatoka, ndo maana konbifu ni kavu na inachambuka nyuzi, na ndo maana kuna makopo yanaandika kwamba gramu 100 za bidhaa zimetokana na gramu 120 za nyama, watu wanadhani ni kosa la uchapaji, kumbe ni hesabu ya nyama mbichi.

Mzee wetu ameuliza, je hiyo hesabu haidanganyi? Inaweza. Ni makisio, nyama ya mashine yenyewe ina maji zaidi kidogo kuliko mnofu, kwahiyo hiyo 25 inaweza kuwa ishirini. Upande wa pili, kama soya ni nyingi, protini ya soya imejumuishwa kwenye ile 11 na tumeihesabia maji kama ni nyama, kwahiyo kuku mwenyewe ni mchache kuliko tunavyodhani. Na kuna konbifu za bei rahisi nazo zimewekwa soya, hizo jedwali lake linaweza kuwa zuri kabisa, protini iko juu, wanga uko chini, maana protini ya soya iliyosafishwa haileti wanga mwingi. Hapo hesabu haikusaidii, orodha ya viungo ndo itakuambia. Ndo maana nasema vitu viwili vinasomwa pamoja. Konbifu safi wanga wake uko sifuri hadi gramu moja, ile sukari kidogo tu. Ukikuta konbifu ina wanga nne au tano, kuna stachi au unga humo, tafuta kwenye orodha utaiona.

Mkilifungua kopo mtaona pia. Lancheni yenye stachi nyingi inakatika laini kama sabuni na ukikaanga inafanya ukoko wa kahawia haraka. Konbifu mkiliweka kwenye friji kabla ya kufungua mafuta yanaganda meupe pembeni, unayakwangua na kisu yanatoka, umepunguza mafuta lakini chumvi haijatoka, iko ndani ya nyama.

Haya pesa, maana mhazini ananikazia macho. Bei zinatofautiana kati ya Kariakoo na duka la hapa mtaani na sitaki mnishike kwa bei, kwahiyo tuseme tu konbifu ni 12,000 na lancheni ni 6,500. Tunanunua nyama kwa ajili ya protini, sio kwa ajili ya kopo. Konbifu gramu 24 mara 3.4 ni kama 82 za protini kwenye kopo. Kumi na mbili elfu gawa 82 ni shilingi 146 kwa gramu ya protini. Lancheni ina kama 36 kwenye kopo, 6,500 gawa 36 ni shilingi 180. Ile ya nusu bei ndo ghali. (Hapa kundi la lancheni likaguna, nikawaacha wagune.)

Na kuna kitu kibaya zaidi ya bei. Tuseme unataka gramu 20 za protini kwenye mlo. Kwa konbifu unakula gramu 83, umeingiza sodiamu kama 730 na mafuta kama 11. Kwa lancheni unahitaji kama gramu 185, sodiamu zaidi ya 1800 na mafuta karibu 30. Ile tofauti ndogo ya 880 na 1000 tuliyoiona mwanzo imekuwa zaidi ya mara mbili, kwasababu kijazio kinakulazimisha ule zaidi ili upate kitu kilekile. Mimi kwangu hiyo ndo namba ya kupigia kura, gawa sodiamu kwa protini. Konbifu 880 kwa 24 ni kama 37. Lancheni 1000 kwa 11 ni kama 90. Kopo lolote mtakaloletewa sampuli fanyeni hiyo, haijali hata kama limeandikwa kwa mlo au kwa mia, maana namba zote mbili zinatoka safu moja. Mkiwa na haraka dukani na hamna muda wa mengine yote, fanyeni hiyo peke yake.

Dada ananikumbusha bucha. Ni kweli dada, umenishika. Kilo ya steki tuseme 12,000 hiyohiyo, ina protini kama gramu 200, ni shilingi 60 kwa gramu na chumvi unatia mwenyewe. Bucha inashinda yote mawili kwa mbali. Kopo linashinda pale tu ambapo huna friji, au umeme ni wa mashaka, au unapeleka kijijini, au umerudi saa nne usiku. Kama kikundi kinataka makopo kwa sababu hizo sawa, kama ni kwa kudhani ni nafuu kuliko nyama, hapana.

Maswali ya haraka haraka, muda umeisha. Kopo lenye maandishi ya Kichina, kuna mengi Kariakoo: lile jedwali lao linaanza na nishati, afu protini, afu mafuta, afu wanga, na sodiamu iko mstari wa mwisho, alama za g na mg ni zilezile tunazozijua, na kwa kawaida ni kwa gramu 100. Nishati wanaandika kwa kilojuli kwahiyo msishtuke kuona namba kubwa. Ila orodha ya viungo hamtaiweza, na kwa Waislamu huwezi kununua lancheni ambayo hujui ni nyama gani, kwahiyo kama hamna lebo ya Kiswahili au Kiingereza liacheni. Kopo ambalo stika ya muagizaji imebandikwa juu ya viungo au juu ya jedwali, liacheni pia, au mwambieni muuzaji aibandue muone. Kama mnahisi stika inaficha kitu, TBS ndo wenye usimamizi wa usalama wa chakula tangu 2019, zamani mlikuwa mnaenda TFDA, saivi chakula kimehamia TBS, pelekeni kopo kulekule.

Mama mwenye mume wa presha, nimekusikia. Lancheni mtoe kabisa kwenye sahani yake. Konbifu akiitamani, robo ya kopo ni gramu 85, sodiamu kama 750, ndo nyama ya siku hiyo. Ichambue kwenye kabichi nyingi, nyanya na kitunguu na pilipili hoho, usitie chumvi wala kidonge cha mchuzi, ile ya kwenye nyama inatosha sufuria nzima, na ale na ugali maana ugali hauna chumvi, sio mkate. Afu kama daktari wake amempa kiwango chini ya hiyo 2000 basi fuata cha daktari, hesabu uliyonayo ni ileile unabadilisha namba ya juu tu.

Mwenyekiti, mhazini, kabla ya kuagiza ombeni muuzaji kopo moja moja la kila aina, sio picha ya simu, kopo lenyewe, maana picha wanayotuma ni ya mbele. Sasa mama Rehema unaweza kulifungua.